Karatasi Moja ya Kumtambulisha Mgeni Rasmi

Mtusamehe kwa kimya, tulikuwa na shughuli ya siku ya zawadi skulini, na anayeijua shughuli hiyo anajua kuwa wiki mbili kabla yake hata mchuzi nyumbani unapikwa kwa kubahatisha. Leo tumepumua, alhamdulillah, na tunataka kuwasimulia jambo moja tu la siku ile. Hatuna haja ya kuwasimulia pilau wala mapambo. Tunataka kuwasimulia karatasi moja aliyosoma mwalimu mkuu wetu kumtambulisha mgeni rasmi, na namna ilivyotukosesha usingizi.

Kwanza mtujue. Sisi ni walimu wanne wa kike wa skuli moja ya kusini Unguja, yenye msingi na sekondari pamoja. Wa tano ni mwalimu mkuu wetu, ambaye tunamwita Bi Mkubwa pale asipokuwepo, na pale anapokuwepo tunamwita Mwalimu. Yeye ndiye aliyesimama kwenye kipaza sauti, lakini karatasi tuliiandika sote, tukaifuta sote, na nusura tukosane sote.

Mgeni tuliyekuwa tumemualika mwanzo alikuwa mtu mwenye cheo. Siku nne kabla akatuma udhuru. Hatumlaumu, safari ni safari. Lakini kadi zilikuwa zimeshagawiwa, turubai limeshalipiwa, na wazazi wameshaambiwa. Kamati ya skuli ikakaa usiku chini ya taa ya simu, majina yakatajwa, na kila jina kubwa lilikuwa na shughuli yake. Ndipo mama mmoja wa kamati akasema, "Kwani mkunga wetu ana kasoro gani?"

Pakawa kimya. Mkunga wa kituo cha afya hapa kijijini ni mtoto wa hapa hapa. Alisoma kwenye skuli hii hii. Robo ya watoto wa darasa la kwanza wamezaliwa mikononi mwake. Lakini hana gari ya serikali, hana mlinzi, na hakuna anayemwita Mheshimiwa. Baba mmoja akauliza, kwa adabu lakini akauliza, watoto watajifunza nini kwa mtu wanayemuona kila siku sokoni akinunua dagaa. Tukapiga kura kwa mikono, mkunga akapita, na kazi ikamwangukia Bi Mkubwa: kumtambulisha mtu ambaye kila mtu anamjua.

Hebu fikirini kidogo ugumu wake. Mgeni mwenye cheo anajitambulisha mwenyewe kwa kuingia tu. Unasoma cheo chake, watu wanasimama, umemaliza. Mgeni asiye na cheo, maneno yako ndiyo kiti chake. Ukisema machache, watu wataona skuli imekosa mtu ikaokota aliye karibu. Ukisema mengi, wanaomjua watatazamana na kucheka, kwa kuwa wanajua mpaka deni lake la dukani.

Na tunazijua kasoro za utambulisho, maana tumezikalia juani miaka mingi. Tumewahi kusikia wasifu wa mgeni ukisomwa kurasa nne, toka skuli ya maandalizi mpaka semina aliyohudhuria, na watoto wa darasa la pili wakaanza kulala wakiegemeana. Tumewahi kusikia jina la mgeni wa mwaka jana likitajwa kwa mgeni wa mwaka huu. Na kubwa kuliko yote, tumesikia utambulisho uliogeuka ombaomba: mwalimu anaanza na sifa za mgeni, katikati anaingia kwenye vyoo vibovu, mwisho anasema "na tunaamini kwa moyo wako wa huruma hutotuacha." Mgeni anasimama akiwa ameshatolewa pesa mfukoni kabla hajasalimia. Maombi yana mahali pake, ni kwenye risala. Utambulisho unajibu suala moja tu: kwa nini leo tumsikilize huyu?

Rasimu ya kwanza Bi Mkubwa aliiandika peke yake. Ilikuwa safi, na ilikuwa imekufa. Mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuanza skuli, chuo cha afya Mbweni, mwaka wa kuajiriwa. Tukamwambia, kwa heshima, kwamba hii ni fomu ya kazi. Akatutupia kalamu mezani akasema, "Basi andikeni nyinyi wenye maneno."

Tukaandika. Na hapo ndipo tulipokosea.

Sisi sote tunaijua habari ya yule dada. Aliondoka skuli akiwa kidato cha pili, kabla ya mtihani, akaolewa. Ndoa haikudumu. Akarudi kwao na mtoto, akawa analima mwani na mama yake, na baadaye akarudi kusoma mpaka akawa mkunga. Tukaona tumepata dhahabu. Tukaandika kwa machozi: binti mdogo aliyekatishwa masomo, aliyeachwa na mtoto mgongoni, aliyeinuka kutoka matopeni. Tukasoma kwa sauti ofisini, mmoja wetu akalia kweli. Tukasema, wasichana wetu wakisikia haya hawatolala.

Aliyetuzuia ni mdogo wetu, mwalimu wa sayansi, ambaye kwa kawaida haingilii mambo ya maneno. Akauliza, "Na yule aliyekuwa mumewe je? Mtoto wake wa mke mwengine si yuko kidato cha tatu hapa? Siku ile atakaa upande wa wababa." Tukanyamaza. Akaendelea, "Na mtoto wa mkunga mwenyewe yuko kidato cha kwanza. Mnataka ayasikie kwenye spika haya, mbele ya wenzake?"

Dada zetu, tunazungumza sana kuhusu sitara tunapozungumzia nguo. Ile ya maneno tunaisahau. Pale mezani palikuwa na karatasi iliyojaa mapenzi, na ilikuwa inataka kumvua mtu nguo mbele ya watu mia nne, huku tukimpigia makofi.

Tukakata shauri la kitu ambacho tangu mwanzo kilitakiwa kifanyike, nacho ni kumwendea mwenyewe na karatasi mkononi. Tulikwenda watatu baada ya magharibi. Akatukaribisha na chai ya mkandaa wa tangawizi na mkate wa kumimina, akavaa miwani yake, akasoma polepole mpaka mwisho. Hakukasirika. Akaomba kalamu.

Tulidhani atafuta yote, au atafuta yanayomuaibisha. Alichofuta ni maneno ya ndoa, yote, toka kuolewa mpaka kuachwa. Akasema, "Aliyeniozesha ni baba yangu. Yuko kaburini, hawezi kusimama akajieleza. Na hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye watoto saba na mwaka ule hakuwa na kitu. Mimi na yeye tulishasameheana." Akafuta pia neno "matopeni". Akacheka. "Mwani hauko matopeni, uko baharini, na ndio ulionilipia ada ya mitihani."

Kisha akauliza, "Mbona hamkuandika kuwa nilifeli?"

Hatukuwa tunajua. Akatueleza. Mtu aliyeishia kidato cha pili bila ya mtihani wake hawezi kurukia kidato cha nne. Inabidi kwanza afanye Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Akifaulu ndipo anaruhusiwa kujiandikisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, bila sare wala darasa. Alifaulu ule wa Maarifa. Kidato cha nne, mara ya kwanza, Kemia ikamkatalia, na bila ya Kemia na Bailojia mlango wa uuguzi haufunguki. Akarudi mwaka wa pili yake na somo hilo hilo, akafundishwa jioni na kijana wa jirani kwa malipo ya samaki. Akapita.

"Hilo semeni," akasema. "Ni langu mwenyewe, halimgusi mtu. Na watoto watakaokaa pale bila zawadi ndio wengi."

Tuliiona busara yake tukaona haya. Sisi tulificha kosa lake tukidhani ni aibu, na tukatangaza majeraha yake tukidhani ni sifa. Yeye akapindua. Lake ameruhusu, la wengine ameliziba. Tangu siku ile ndicho kipimo chetu tunapoandika habari za mtu yeyote: hili ni lake peke yake, au kuna mwengine ndani yake ambaye hatukumuuliza?

Tulipokuwa tunaaga akatukumbusha jambo jengine, kwamba asitajwe majina matatu na kuishiwa pumzi, atajwe kama anavyoitwa. Na tukamwomba atutamkie jina la ukoo wake, maana wapo waliokuwa wanalisema vibaya miaka yote na yeye hajawahi kuwasahihisha. Bi Mkubwa akaliandika juu ya karatasi kwa herufi kubwa, akaligawa silabi kwa silabi.

Sasa lipo jambo ambalo hatukulitegemea. Bi Mkubwa alitaka kuhakikisha mwaka aliosoma, akafungua kabati la chuma akatoa daftari la zamani la uandikishaji, lile lenye jalada gumu lililoliwa na mchwa pembeni. Jina tukalikuta. Namba yake, jina la mzazi, tarehe ya kuingia. Na kwenye safu ya sababu ya kuondoka, kwa wino wa buluu uliofifia, neno moja: utoro.

Tulikaa tukilitazama lile neno. Sote tunajua hakuwa mtoro. Mwalimu aliyeandika labda hakuwa na safu nyengine ya kujaza, labda hakutaka kumuudhi baba mtu, labda hakuuliza. Lakini miaka zaidi ya ishirini skuli yetu imeweka kabatini ushahidi wa uongo juu ya mtoto wake. Bi Mkubwa alifunga daftari, hakusema kitu, akarudi nyumbani mapema. Asubuhi alimpigia simu mkunga akamwambia kuhusu lile neno, na akamwomba ruhusa ya kulisema. Mkunga alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Sema, Mwalimu. Hilo ni lenu."

Yakabaki mambo ya itifaki, na msiyadharau, ndiyo yanayovunja shughuli. Mgeni rasmi akiwa mkubwa kwa cheo kuliko wote, mpangilio unajipanga. Hapa Sheha atakuwepo, afisa wa elimu atakuwepo, imamu atakuwepo, na wote kwa desturi ni wakubwa kuliko mkunga. Tukatuma watu wawili kwa Sheha siku mbili kabla kumwarifu, ili asikute kiti chake cha kawaida kina mtu. Alifurahi kuulizwa. Akasema yeye mwenyewe wajukuu zake wanne wamepita mikononi mwa mkunga yule, kwa hiyo yeye ndiye atakayemshika mkono kumpeleka kitini. Tukakubaliana pia kwamba kuwatambua viongozi ni kazi ya mshereheshaji, na Bi Mkubwa asirudie orodha. Orodha ikisomwa mara mbili, dakika saba zimekwenda na jua linapanda.

Na risala je? Kwa kawaida kijana anasoma risala, mgeni anaahidi mabati au saruji, watu wanapiga vigelegele. Mkunga hana saruji. Kumsomea mahitaji ya milioni kadhaa ni kumdhalilisha. Maombi ya jengo tukayaandika barua tukamkabidhi afisa wa elimu mkononi, na kwenye risala wanafunzi wakaomba kitu alicho nacho: saa moja kila mwezi aje azungumze na wasichana wa kidato cha kwanza na cha pili. Tukamwarifu kabla pia, asishtukizwe.

Siku ikafika na mawingu ya vuli, hewa nzito, turubai likivimba kwa upepo. Tukaanza kwa kuchelewa dakika arubaini, kama ada. Qur'ani ikasomwa na kijana wa darasa la sita, kasida ya wasichana ikafuata, kisha taarifa ya skuli, ambayo naibu aliisoma kwa ufupi tuliomlazimisha. Mkunga alikuwa amekaa mbele na buibui lake la kila siku na mtandio wa kijani, mikono imefungana mapajani. Upande wa wababa, safu ya nyuma kabisa, alikuwepo yule ambaye mwenzetu alimtaja. Alikuwa anatazama chini.

Bi Mkubwa akasimama. Tunaiweka hapa hotuba kama alivyoisoma, kwa ruhusa yake na ya mgeni, tumetoa majina tu.

"Bismillahi Rahmani Rahim. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Viongozi wetu mmeshatambuliwa, nami naomba radhi kwa kutorudia, ili watoto wasichoke.

"Wanafunzi wangu, lipo darasa lile pale lenye mlango wa buluu. Zamani lilikuwa la kidato cha pili. Katika darasa lile alikaa msichana, dawati la pili kutoka nyuma, upande wa dirisha. Siku moja hakuja. Na kesho yake hakuja. Jana juzi nilifungua daftari la skuli nikatafuta tuliandika nini juu yake. Tumeandika neno moja: utoro. Mimi ndiye mwenye daftari lile sasa, kwa hiyo mimi ndiye mwenye kulijibu. Neno lile si kweli. Hakuwa mtoro. Skuli haikumuuliza, ikaandika. Mbele yenu nyote, kwa niaba ya skuli hii, namtaka radhi.

"Walimu wenzangu, kabla ya kujaza safu ile, tupige hodi.

"Msichana yule alilima mwani, akaweka akiba, akafanya Mtihani wa Maarifa akafaulu. Akafanya kidato cha nne bila darasa wala sare, akafeli Kemia. Wanafunzi, nimesema akafeli, na amenipa ruhusa niseme. Mwaka wa pili yake akalirudia somo lile lile akapita, akaenda chuo cha afya. Leo kuna wengine kati yenu hamtoitwa hapa mbele. Mgeni wetu wa leo naye hakuwahi kuitwa hapa mbele. Leo ni mara yake ya kwanza, na ameitwa kuja kutoa.

"Wazazi wangu, nyinyi hamhitaji nikutambulisheni kwake. Amewaona wengi wenu saa nane za usiku, wakati hamkuwa na cheo wala nguo ya sherehe. Alikuja na tochi, na mvua, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kusikia habari ya nyumba yake ikitoka kinywani mwake nyumba ya pili. Mtu anayehifadhi siri za kijiji kizima, tumeona anafaa kusikilizwa na watoto wa kijiji hicho.

"Tumemwomba azungumze nasi kwa muda anaotaka, kisha awape watoto zawadi zao. Nakuombeni msimame tumpokee mkunga wetu, mwanafunzi wa skuli hii," na hapo akataja jina lake, silabi kwa silabi, sawasawa kabisa.

Tulikuwa tumeipima ofisini kwa saa ya simu: dakika nne kasoro kidogo. Siku ile ilichukua sita, kwa sababu alipofika penye "namtaka radhi" sauti ilimkwama, akanywa maji. Tulimshauri jina liwe neno la mwisho kabisa, kwa kuwa ukitaja jina katikati makofi yanakuja katikati na maneno yaliyobaki yanaanguka chini. Lilikuwa la mwisho. Watu wakasimama. Vigelegele vilianzia upande wa kina mama, vile vya chumba cha uzazi hasa, si vya harusi. Sheha akamshika mkono kama alivyoahidi. Tukamtazama yule wa safu ya nyuma. Alisimama na wengine, akapiga makofi, uso wake hatukuuona vizuri na hatutausemea.

Mtoto wa mkunga, yule wa kidato cha kwanza, alikuwa amekaa na wenzake, na mwenzake mmoja alimpiga begani akamwambia kitu, akatabasamu. Ile karatasi yetu ya kwanza ilitujia akilini. Tulitaka kumtangazia nini mtoto huyu!

Hatukuwaambia yote yakawa sawa. Spika ililia mara mbili. Mwalimu mstaafu mmoja, ambaye alifundisha miaka ile, alikuja baada ya shughuli akamwambia Bi Mkubwa kwamba ameivua nguo skuli mbele za watu, na kwamba mambo ya daftari hubaki ofisini. Alikuwa amekasirika kweli, na Bi Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kati yetu pia hatukubaliani. Mmoja wetu mpaka leo anaona ingetosha kumtaka radhi nyumbani kwake, na kwamba tuliomhimiza Bi Mkubwa kusema hadharani tulipenda ile hotuba kuliko amani ya yule mzee. Wengine watatu tunaona neno liliandikwa kwenye daftari la umma, basi na jibu lake liwe la umma. Tunamwachia kila mmoja na rai yake.

Mkunga mwenyewe alizungumza dakika tano tu. Alisema zaidi kuhusu Kemia. Alisema alikuwa anabandika alama za elementi kwenye mlango wa choo cha makuti ili azisome mara zote, na watoto walicheka mpaka mshereheshaji akashindwa kuwanyamazisha. Kisha akaanza kutoa zawadi: madaftari, seti za jometri, mabegi, na kanga kwa wasichana watatu wa kwanza. Kila mtoto alimuuliza jina la mama yake, na wengi alikuwa anawajua. Safu ikawa inakwenda polepole, tukaanza kutazama saa.

Alipofika kwa mtoto wa kumi na tisa simu yake ikatetema. Aliitazama, akamnong'oneza Sheha, Sheha akamnong'oneza Bi Mkubwa, na zawadi zilizobaki akazimalizia Sheha kwa furaha kubwa. Mgeni rasmi wetu akatoka kwa mlango wa nyuma wa turubai, nyuma ya bodaboda ya mtoto wa jirani, mtandio wa kijani ukipepea. Pilau hakuionja.

Lile daftari Bi Mkubwa hakulifuta, daftari la skuli halifutwi. Ameandika pembeni kwa kalamu nyeusi kwamba sababu iliyoandikwa si sahihi, akaweka tarehe na saini, akalirudisha kabatini. Pilau tukaipakia kwenye hotipoti na kachumbari pembeni, tukampelekea kituoni saa kumi na mbili jioni. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, viatu amevua. Mtoto wa kike, akatuambia, kilo tatu na robo, mama yake hajambo. Hotipoti bado tunamdai.